Kuondoa kivuli cha mpiga picha kwenye picha ya pamoja

Kuondoa kivuli maana yake ni kuirudishia sehemu iliyofunikwa mwanga wa jua uliozuiwa. Si kuifuta na kuichora upya. Nguo na nyuso ndani ya kivuli bado zipo, zinamulikwa na anga peke yake, ndiyo maana zimefifia na pia zina ubluu. Ukiongeza mwangaza tu bila kugusa rangi, unabaki na baka la bluu pale pale.

Tuseme ni saa kumi na moja jioni, jua liko mgongoni mwa mpiga picha, nyuzi 20 hivi juu ya upeo. Akiwa na urefu wa mita 1.7, kivuli chake kinafika karibu mita 4.7. Akisimama mita 3.5 tu kutoka safu ya mbele, kivuli cha kichwa chake kinapanda hadi kifuani mwa mtoto aliyekaa chini. Bahati nzuri mtoto kavaa shati jeupe, nusu juani, nusu kivulini. Kitambaa kimoja katika mianga miwili ndicho kipimo bora kuliko vyote.

Pima rangi pande zote mbili. Juani unasoma, kwa mfano, nyekundu 225, kijani 220, bluu 210; kivulini 105, 115, 130. Nakili leya ya picha, kisha kwenye nakala fungua `Levels` na ushushe kikomo cha weupe cha kila rangi kivyake: nyekundu 119, kijani 133, bluu 158. Hesabu yake ni thamani ya kivulini mara 255, gawanya kwa ya juani. Picha nzima itaungua; usijali. Weka maski nyeusi kwenye leya hiyo, kisha upake nyeupe juu ya kivuli tu.

Kazi yenyewe iko ukingoni. Jua si nukta, kwa hiyo ukingo wa kivuli hutanuka takribani sentimita 1 kwa kila mita kutoka kwa kinachozuia mwanga. Kwenye shati hilo ukungu ni kama sentimita 3.5, ila karibu na viatu vya mpiga picha ukingo ni mkali. Brashi moja haitoshi kote. Ukiona mstari unaong'aa, maski imevuka kivuli. Ukiona mstari mweusi, haijafika.

Shati na nyasi hukubali vizuri. Uso ni habari nyingine, hasa kivuli cha mpita njia kinapomfunika mtu mmoja kabisa. Kivuli kidogo cha pua na kidevu, ambacho majirani zake wanacho, kwake hakikuwepo tangu mwanzo, na kupandisha mwanga hakukileti. Ataonekana bapa, na chenga zitajitokeza kwenye ngozi, hasa kama picha ni ya JPEG. Hapo mimi humpandisha nusu tu: kivuli hafifu usoni kinavumilika kuliko uso uliobandikwa.