Chunusi: usiache dawa wiki ya tatu

Wagonjwa wa chunusi wanaorudi kliniki yetu hapa Tanga wakiwa wamekata tamaa, wengi wao hurudi kati ya wiki ya pili na ya nne. Uso unawaka, ngozi inachubuka pembeni mwa mdomo, na vipele vipya bado vinatoka. Husema, "Dokta, dawa imenikataa." Mara nyingi dawa haijamkataa. Ama muda wake haujafika, ama inapakwa vibaya, ama yote mawili.

Nichukue mfano wa binti mmoja, fundi cherehani wa Ngamiani. Mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike. Alikuwa na vipele vyenye usaha kwenye mashavu na kidevu, vichwa vyeusi kwenye paji la uso, na madoa meusi yaliyoachwa na vipele vya zamani. Hakuwa na majipu ya ndani wala makovu ya mashimo. Hiyo ni chunusi ya wastani. Aliandikiwa dawa tatu: jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5 asubuhi, jeli ya adapalini ya asilimia 0.1 usiku, na kidonge cha doksisaiklini cha miligramu 100 mara moja kwa siku.

Kila moja ina kazi yake. Adapalini iko kwenye kundi la retinoidi, na kazi yake ni kuzuia seli za ngozi zisigandamane na kuziba tundu la kinyweleo. Benzoili peroksaidi inaua bakteria waliomo ndani ya tundu hilo, na bakteria hawaizoei. Doksisaiklini inatuliza uvimbe na kuwapunguza bakteria kutokea ndani ya mwili, lakini wao wanaweza kuizoea. Ndiyo maana hatuitoi peke yake, na hatuitoi kwa miezi mingi.

Sasa suala la muda. Kipele unachokiona leo kwenye kioo kilianza wiki nyingi nyuma, tundu lilipoanza kuziba bila dalili yoyote. Retinoidi inazuia matundu mapya yasizibe, ila yale yaliyokwisha kuziba yataendelea kutoa vipele mpaka yaishe. Kwa wengine, mwezi wa kwanza vipele huonekana hata kuongezeka kidogo. Kati ya wiki ya nne na ya sita, dalili nzuri ya kwanza ni kwamba vipele vipya ni vidogo, haviumi sana na vinakauka upesi. Wiki ya nane mtu wa nyumbani ataanza kuona tofauti. Wiki ya 12 ndiyo tunapima kama mpango umefanya kazi. Kuhukumu kabla ya hapo ni kuionea dawa.

Binti yetu alirudi wiki ya tatu, ngozi imekakamaa na kung'aa, pembe za pua zimechubuka, jasho likigusa uso analalamika. Nikamwomba anionyeshe anavyopaka. Alikamua jeli ndefu kidoleni akaibandika juu ya kila kipele, na alikuwa akizipaka zote mbili asubuhi na jioni ili apone haraka. Uso aliunawa kwa sabuni ya mche, na kila Ijumaa alijisugua kwa liwa iliyochanganywa na ndimu. Doksisaiklini alikuwa anaimeza sawasawa.

Tulisimamisha jeli zote mbili siku nne, tukaacha kidonge kiendelee. Liwa, ndimu na sabuni ya mche zikawekwa kando, uso ukawa unaoshwa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa viganja tu, kisha losheni nyepesi. Ngozi ilipotulia, adapalini ilirudi kila baada ya usiku mbili. Kiasi ni punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Iguse paji, mashavu yote mawili na kidevu, kisha isambaze nyembamba, mbali na macho, pembe za pua na midomo. Isipakwe kwenye vipele tu, kwa sababu inazuia kile ambacho bado hakijaonekana. Ngozi iwe kavu kabisa; subiri kama dakika 20 baada ya kunawa, maana ngozi yenye maji inawasha zaidi. Anayewashwa sana aanze na losheni, ndipo apake dawa juu yake.

Benzoili peroksaidi aliirudisha asubuhi moja na kuruka moja, akiiacha usoni dakika tano kisha akaisuuza. Ipo pia ya asilimia 2.5, na kwa ngozi nyepesi kuwaka ndiyo ninayoipendelea. Ile ya asilimia 10 huongeza mwasho kuliko inavyoongeza faida. Tena inapausha nguo. Khanga ya kujifunikia, taulo na foronya za rangi zitapata mabaka yasiyotoka, kwa hiyo nawa mikono vizuri na utumie foronya nyeupe. Fundi huyu alishapausha kola ya gauni la mteja.

Kwenye ngozi nyeusi mwasho haujitangazi kwa wekundu. Unaonekana kama weusi uliokolea, ukavu wa kijivu, ngozi kubana. Ukiachwa uendelee, wenyewe unaacha madoa meusi, na hapo mtu anazidi kupaka akidhani ni chunusi. Ndiyo sababu nasisitiza kuanza polepole, hata kama matokeo yatachelewa kidogo. Kuchoma kwa dakika chache na kuchubuka kidogo mwezi wa kwanza ni jambo la kutarajiwa. Kope zikivimba, ngozi ikitoa majimaji au kuwasha mno kote ulikopaka, acha dawa uje kliniki. Hiyo huenda ni mzio.

Doksisaiklini imezwe baada ya chakula, kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa. Kidonge kikikwama kooni kinaunguza, na maumivu ya kumeza hukaa siku kadhaa. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia zinaizuia isifyonzwe, basi zipangie saa za mbali. Inafanya ngozi iungue upesi na jua, na jua la pwani halina huruma: kofia pana, mtandio, na kinga-jua ya kipimo cha 30 au zaidi. Kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, iache na uende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito, au anayetarajia kupata mimba, aseme mapema. Doksisaiklini na retinoidi hatumpi, benzoili peroksaidi anaweza kuitumia.

Wiki ya nane fundi wetu alikuwa anapaka adapalini kila usiku bila shida. Wiki ya 12 vipele vyenye usaha vilibaki vichache kidevuni. Tukasimamisha doksisaiklini, jeli zikaendelea, kwa sababu anayeacha kila kitu uso ukisafika huona chunusi zikirudi baada ya miezi michache. Madoa meusi yalikuwa bado yapo, na hilo tulimwambia tangu siku ya kwanza: yanafifia kwa miezi, mengine hupita mwaka. Asiyafukuze kwa mkorogo. Krimu hizo mara nyingi zina steroidi, ambazo zenyewe huleta chunusi.

Kama wiki ya 12 imefika, umepaka ipasavyo, na bado majipu ya ndani yanatoka au mashimo yanajichimba, usiongezewe miezi mingine ya kidonge kilekile. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi; zipo dawa nyingine zinazohitaji vipimo vya damu na uangalizi wa karibu.