Ghorofa 18, kanda 3 za presha: ripoti ya maji ya jengo la kuishi

Ripoti yangu ya mfumo wa maji haianzi na saizi ya bomba. Inaanza na jedwali la urefu: kila ghorofa iko mita ngapi kutoka chini, na tangi la juu liko mita ngapi. Wateja wengi huruka ukurasa huo wakimbilie bei ya mabomba. Mimi huwarudisha palepale, kwa sababu matatizo mengi ya maji kwenye majengo marefu yanaonekana kwenye jedwali hilo kabla hata bomba moja halijanunuliwa.

Nitaeleza kwa jengo nililolifanyia kazi Dar es Salaam. Chini kuna maduka na maegesho, juu yake ghorofa 18 za kuishi, nyumba 4 kila ghorofa, jumla nyumba 72. Tukihesabu watu 5 kwa nyumba na lita 150 kwa mtu kwa siku, jengo linahitaji lita 54,000 kila siku. Chini ardhini tuliweka tangi la siku 2, maana maji ya mtaani hayatoki saa zote. Juu ya paa tukaweka tangi la lita 18,000, ambalo pampu inalijaza kwa muda wa saa 2. Sehemu hiyo haina ugumu. Ugumu unaanza maji yanapoteremka.

Sakafu ya ghorofa ya 1 iko mita 4 kutoka chini, na kila ghorofa ni mita 3. Paa liko mita 58, kitako cha tangi mita 60, na tangi likijaa uso wa maji unafika mita 62. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa karibu bar 1 ya presha. Sasa chukua bafu la ghorofa ya 18: kichwa cha shawa kiko mita 57. Tangi likikaribia kuisha, maji yana mita 3 tu za kuanguka, yaani bar 0.3, na bado hujatoa kinachopotea njiani kwa msuguano. Huko juu mtu ataoga kwa matone. Halafu shuka hadi koki ya jikoni ya ghorofa ya 1, iliyo mita 5 kutoka chini. Tangi likijaa, koki hiyo inabeba mita 57, sawa na bar 5.6. Jengo moja, tangi moja, lakini wa juu analia maji hayafiki na wa chini koki zinamrukia usoni.

Kwenye jengo hili nilijiwekea mipaka miwili. Shawa isipate chini ya bar 1 maji yakiwa yanatoka, na koki isizidi bar 3.5 maji yakiwa yametulia. Nikarudi kwenye jedwali na kuuliza kila ghorofa: bila msaada wowote, inapata nini? Nikiacha mita 3 kwa ajili ya msuguano, ghorofa ya 14 inabakiwa na mita 12, inatosha. Ya 15 inabakiwa na 9, haitoshi. Upande wa pili, ghorofa ya 8 tangi likijaa inabeba mita 36, ambazo ni bar 3.5. Ya 7 inavuka. Kwa hiyo kanda zilijigawa zenyewe: ghorofa ya 15 hadi 18 zinasaidiwa na pampu ndogo iliyo juu ya paa, ya 8 hadi 14 zinakula maji ya tangi moja kwa moja, na ya 1 hadi 7 zinapita kwenye valvu ya kupunguza presha.

Pampu ya juu haihitaji nguvu nyingi, mita 15 tu za kimo zinatosha. Kitu nilichosisitiza ni bomba la kuizunguka, lenye valvu inayozuia maji kurudi. Umeme ukikatika, ghorofa ya 18 itapata maji dhaifu, lakini itapata. Bila bomba hilo, pampu iliyozimika inaweza kubana njia, na watu wanakaa bila maji huku tangi limejaa juu ya vichwa vyao.

Valvu ya kanda ya chini ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na nitaeleza kwa nini. Niliiweka kwenye shimo la mabomba la ghorofa ya 8, mita 26 kutoka chini, na kuielekeza itoe bar 1.5. Ghorofa ya 7 inapata ya kutosha, na koki ya ghorofa ya 1 inabeba mita 15 za valvu pamoja na mita 21 za kushuka, jumla 36. Kwenye karatasi kila kitu kimekaa sawa.

Lakini miaka michache nyuma niliitwa kwenye jengo jingine. Msimamizi alinipokea getini na kunieleza: "Injinia, mchana hakuna shida. Usiku ndiyo mipira inapasuka huku chini." Alikuwa ameshika mmoja mkononi, ule mpira wa waya uliosukwa unaounganisha bomba la ukutani na tangi la choo. Waya ulikuwa umechanika karibu na nati, na mpira wa ndani umetokeza kama uvimbe. Walikuwa wamebadilisha aina tatu za mipira wakidhani wanauziwa feki.

Nilifunga geji kwenye koki ya chini na kuiacha. Jioni ilisoma bar 3.4. Saa nane usiku ilisoma 5.5. Valvu ya kupunguza presha inatakiwa ifunge kabisa pale ambapo hakuna anayefungua maji. Chembe ya mchanga ilikuwa imekaa kwenye kitako chake, ikaacha upenyo mdogo. Mchana upenyo huo hauonekani, kwa kuwa watu wanatumia maji na presha haipati nafasi ya kujilimbikiza. Usiku watu wakilala, tone kwa tone presha ya juu inahamia chini mpaka pande mbili zinalingana. Ukitaka kujua kama valvu yako imeanza ugonjwa huo, soma geji usiku wa manane. Kipimo cha mchana kitakudanganya.

Ndiyo maana kwenye ripoti ya jengo hili nilichora valvu mbili sambamba, kila moja na koki zake za kufungia, ili moja isafishwe bila kukata maji. Kabla ya kila moja kuna chujio. Geji ni mbili, moja kabla na moja baada. Na baada ya valvu kuna valvu ndogo ya usalama inayofunguka kwenye bar 2.5 na kumwaga maji mahali yanapoonekana. Mteja aliniuliza kama hiyo ya mwisho ni lazima. Nilimwambia ndiyo itakayomwita fundi kabla mipira haijapasuka.

Sasa saizi za mabomba. Ukijumlisha koki zote kana kwamba zimefunguliwa pamoja, utanunua bomba la kiwanda. Wengi wetu bado tunatumia mfumo wa pointi wa kiwango cha zamani cha Uingereza cha BS 6700: choo cha tangi pointi 2, beseni la kunawia 1.5, shawa 3, sinki 3, mashine ya kufulia 3. Nyumba ya mabafu mawili, sinki na mashine inafika pointi 19. Jengo lina mabomba mawili makuu ya kushuka kwa ghorofa 14 za chini, kila moja likihudumia nyumba 28, yaani pointi 532. Chati ya kiwango hicho inazigeuza pointi hizo kuwa karibu lita 4 kwa sekunde. Koki zote zikifunguliwa kwa pamoja ingekuwa lita 38 hivi. Tofauti hiyo inatokana na ukweli kwamba watu hawaogi wote dakika moja.

Hapa ndipo fundi wa jengo aliposhauri bomba la plastiki la PPR la milimita 63, akisema ni sawa na chuma cha inchi 2. Si sawa. PPR hutajwa kwa kipimo cha nje, na ile ya daraja la presha la PN 20 ina ukuta mnene wa milimita 10.5. Ndani inabaki milimita 42, wakati chuma cha inchi 2 kina zaidi ya 50. Lita 4 zikipita kwenye milimita 42 zinakimbia karibu mita 2.9 kwa sekunde, na kila mita 100 zinapoteza mita 18 za kimo. Kutoka kwenye tangi hadi ghorofa ya 14, kwa kuhesabu na viwiko, ni kama mita 40 za bomba, hivyo zaidi ya mita 7 zinapotea. Kumbuka ghorofa hiyo ilikuwa na 15 tu na niliahidi kupoteza 3. Kwa PPR ya milimita 90 kasi inashuka hadi 1.4 na njia nzima inakula mita 1.3, halafu kinachobaki kinatumiwa na mabomba ya ndani ya nyumba. Kuanzia valvu ya ghorofa ya 8 kwenda chini mzigo umepungua nusu, tukashuka hadi milimita 75.

Maji ya moto yalileta mjadala. Mwenye jengo alitaka matangi ya jua juu ya paa kwa nyumba zote. Paa haliwezi kubeba matangi ya nyumba 72, na umbali nao ni tatizo. Bomba la milimita 20 lenye urefu wa mita 50 linashika karibu lita 7 zilizopoa, ambazo mpangaji wa chini atamwaga kila asubuhi kabla ya kupata moto. Tukaamua kila nyumba iwe na hita yake ya lita 50, umeme ukilipwa kwenye LUKU ya mpangaji mwenyewe, na jua libaki kwa ghorofa za 17 na 18. Dar es Salaam hita ndogo inatosha: maji yanaingia kwa nyuzi 27 hivi, na lita 50 za nyuzi 60 zikichanganywa kufika 38 zinakaribia lita 150 za kuogea kwa hesabu. Mahali pa baridi ambapo maji yanaingia kwa nyuzi 18, hita ileile inatoa kama 105.

Kwa ghorofa hizo mbili za juu nilikataa tangi la jua la kawaida lenye bomba la pumzi lililo wazi. Nimeshaona linavyokuwa: maji baridi yanakuja na nguvu ya pampu, ya moto yanateremka yenyewe kwa bar 0.3. Mtu anaacha mikono yote miwili ya koki ya kuchanganyia wazi na kufunga maji kwenye kichwa cha shatafu. Baridi inavuka ndani ya koki, inapanda bomba la moto hadi kwenye tangi la jua na kumwagika juani usiku kucha. Wapangaji wanalalamika moto hautoki, na kumbe ukigusa bomba la moto ni baridi lote. Kwa hiyo tuliandika tangi la jua lililofungwa, linalohimili presha, likilishwa baada ya pampu, kutoka bomba lilelile linalopeleka baridi bafuni.