Kusafisha mabaki ya masasisho ya Windows: kipi ufute, kipi ukiache

Kuna ushauri mmoja unaozunguka sana kwenye magrupu ya mafundi: diski ikijaa, ingia C:\Windows\SoftwareDistribution, futa kila kitu, washa mashine upya. Mara nyingi hakuna kinachoharibika, ndiyo maana ushauri wenyewe hauishi. Lakini mara nyingi pia haukutibu tatizo lililokuwepo, na umemtia mtu gharama ya kupakua upya gigabaiti kadhaa kwa bando lake.

Nitumie mfano wa mashine iliyoletwa kwangu na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi. Ni kompyuta mpakato yenye diski ya GB 128, ambayo ndani ya Windows husomeka kama GB 118 au 119 hivi. Ilikuwa imepandishwa kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 wiki iliyotangulia. Sasa sasisho la mwezi lilikuwa linapakuliwa vizuri, likifika kwenye kusakinishwa linakataa na kuandika 0x80070070. Nafasi iliyobaki kwenye C: ilikuwa GB 3 na kidogo.

Namba hiyo haina fumbo: maana yake ni kwamba nafasi haitoshi. Faili za sasisho zimeshafika na ni nzima, ila Windows haina pa kuzifungulia. Ukifuta folda ya Download iliyo ndani ya SoftwareDistribution hapo, utapata nafasi kwa dakika chache, kisha Windows itapakua faili zilezile na kurudi palepale ilipokwama. Kwa hiyo folda ambayo kila mtu angeikimbilia ndiyo niliyoiacha.

Ili kujua kipi cha kuondoa, inabidi kujua Windows inaweka nini wapi. SoftwareDistribution\Download ni mapokezi tu: faili zinashushiwa hapo, zinasakinishwa, baadaye Windows huzifuta yenyewe. Jirani yake, SoftwareDistribution\DataStore, ina hifadhidata ya kumbukumbu, yaani orodha unayoiona ukifungua Update history. Lakini sasisho lililokwisha kusakinishwa haliishi katika folda hizo mbili. Linaishi C:\Windows\WinSxS, na kila sasisho lijalo litajengwa juu ya kilichomo humo. Ndiyo maana Download inafutika bila madhara kwa masasisho yajayo, na WinSxS haiguswi kwa mkono hata siku moja. Ukifuta DataStore, historia itaonekana tupu na ukaguzi unaofuata utachukua muda mrefu zaidi, lakini andika Get-HotFix kwenye PowerShell na utakuta masasisho bado yapo. Hakuna nafasi ya maana unayoipata kwa kuifuta, basi iache.

Turudi kwa mashine ya mama. Mzigo mkubwa ulikuwa C:\Windows.old, GB 19. Hiyo ni Windows ya zamani nzima, pamoja na programu na folda za watumiaji, iliyowekwa kando ili mtu akikuta toleo jipya linamsumbua aweze kurudi. Kwa kawaida Windows huitunza siku 10, kisha huiondoa yenyewe. Ukiifuta kabla ya hapo hupotezi kitu kuhusu masasisho yajayo. Unapoteza njia ya kurudi nyuma, na hiyo hairejeshwi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye mashine halihusu gigabaiti. Nilimuuliza: "Mama, printa inachapa? Programu ya stoo inafunguka na kumbukumbu zote zipo?" Akaniambia printa inachapa, ila programu ya stoo hajaigusa tangu Windows ibadilike. Tukaifungua pale pale, akatafuta ankara za mwezi uliopita, akazikuta. Kisha nikaangalia C:\Windows.old\Users, kwa sababu wakati mwingine kuna faili zinazobaki humo bila kuhamishiwa kwenye Windows mpya, hasa kama aliyeisakinisha aliteua kutobakiza chochote. Humo hapakuwa na kitu ambacho hakipo kwenye akaunti yake ya sasa. Hapo ndipo akasema, "Toa tu, mwanangu."

Usiifute Windows.old kwa kuiteua na kubonyeza Delete. Faili nyingi humo zina mmiliki ambaye si wewe, hata ukiwa msimamizi, na utaishia kupata nusu iliyofutika na nusu iliyokataa. Wapo wanaolazimisha kwa kunyang'anya umiliki kwa amri ya takeown. Ni kazi ndefu ya kupata kile ambacho Windows inakifanya kwa kubonyeza mara tatu. Nenda Settings, System, Storage, kisha Temporary files. Subiri imalize kuhesabu, weka tiki kwenye Previous Windows installation(s), bonyeza Remove files. Mabaki mengine ya usakinishaji, kama folda iliyofichwa ya $WINDOWS.~BT, nayo hushughulikiwa kwenye ukurasa huohuo, chini ya jina Temporary Windows installation files.

Ukurasa huo una mtego mmoja, nao ni kisanduku kilichoandikwa Downloads. Hicho hakihusiani kabisa na masasisho. Ni folda yako ya Downloads, zilimo risiti, vyeti na picha ulizopakua. Kwa kawaida hakina tiki, lakini mtu mwenye haraka huweka tiki kila kisanduku anachokiona, na vilivyofutwa kwa njia hii usivitafute kwenye Recycle Bin. Soma kila mstari kabla ya kubonyeza.

Ilipomaliza, C: ilikuwa na zaidi ya GB 22. Sasisho lilelile, kwa faili zilezile zilizokuwa zimeshapakuliwa, likapita bila kutumia bando jipya.

Sasa, folda ya Download inafutwa lini? Pale ambapo faili zenyewe ndizo mbovu. Dalili ni upakuaji unaoganda asilimia ileile kila siku, au sasisho linaloshindwa tena na tena huku nafasi ikiwa tele na mashine imeshawashwa upya. Kabla ya kugusa, fungua Windows Update uone inasema nini. Ikiwa imeandika Restart required, usifute kitu. Washa upya kwanza, iache imalize ilichoanza. Kisha fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Stop-Service wuauserv, bits -Force
Remove-Item C:\Windows\SoftwareDistribution\Download\* -Recurse -Force
Start-Service bits, wuauserv
```

Mstari wa kwanza unasimamisha huduma ya masasisho na ile inayopakua faili nyuma ya pazia. Bila hivyo unafuta faili huku mwingine bado anaiandika. Nyota mwishoni mwa njia ina kazi yake: inafuta vilivyomo na kuiacha folda yenyewe. Ukipata ujumbe kwamba faili fulani inatumika, jua wuauserv imejiwasha tena, jambo la kawaida kwenye Windows 10 na 11. Simamisha na UsoSvc, ile inayopanga ratiba ya masasisho, kisha rudia mstari wa pili mara moja. Baadaye bonyeza Check for updates. Folda zenye majina marefu ya herufi na namba zikianza kuota tena ndani ya Download, huduma zimeamka sawasawa.

Usishangae kama umefuta GB 4 na nafasi huru haikuongezeka kwa kiasi hicho. Tangu toleo la 1903 la Windows 10, mashine zinazotoka zikiwa na Windows mpya huwa na sehemu ya diski, karibu GB 7, iliyotengwa kwa ajili ya masasisho na faili za muda. Ukifuta kilichokuwa ndani ya sehemu hiyo, unairudishia nafasi yake yenyewe. Wewe hupati kitu. Kujua kama mashine yako inayo:

```
dism /online /get-reservedstoragestate
```

Imebaki WinSxS. Watu huitazama kwenye File Explorer, wakaona GB 12 au 15, wakashikwa na hamu. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu faili nyingi humo ni zilezile zilizoko System32, faili moja yenye majina mawili, na Explorer huihesabu kila mahali inapoikuta. Ukubwa wa kweli unaupata hivi:

```
dism /online /cleanup-image /analyzecomponentstore
```

Mwishoni itakwambia kama usafi unapendekezwa, Yes au No. Ikiwa ni Yes:

```
dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup
```

Hii inaondoa matoleo ya zamani ya vipengele ambayo nafasi yake imeshachukuliwa na masasisho mapya. Windows ina kazi ya ratiba inayofanya hivyo yenyewe, ila yenyewe husubiri siku 30 baada ya toleo jipya kuingia. Amri hii haisubiri. Kwenye diski ya polepole inaweza kuganda kwenye asilimia moja muda mrefu. Iache, usifunge dirisha. Ikikataa kwa 0x800f0806, kuna sasisho linalosubiri mashine iwashwe upya. Washa kisha rudia. Na kama una Windows 11 24H2 na kisanduku cha Windows Update Cleanup kwenye ukurasa ule wa Temporary files kinabaki kuonyesha gigabaiti nane na ushee hata baada ya kusafisha, tatizo hilo lilijitokeza mwaka 2024, na Microsoft walieleza kuwa ni kosa la kuhesabu. Faili zimeshaondoka.

Utakuta watu wanaongeza /resetbase mwishoni mwa amri hiyo. Masasisho yajayo hayataathirika, ila yale yaliyokwisha kuingia hutaweza tena kuyaondoa. Sasisho la juzi likiharibu printa, umefunga mlango wa kulitoa. Mimi siitumii kwenye mashine ya mtu anayefanyia kazi, labda diski iwe ya GB 64 na hakuna namna nyingine.

Na C:\Windows\Installer, ambayo nayo hufichwa na nayo huweza kunenepa hadi gigabaiti kadhaa, haimo kabisa katika habari hii. Haina mabaki ya masasisho ya Windows. Ina faili ambazo programu kama Office iliyosakinishwa kwa mtindo wa zamani huzihitaji siku ya kurekebishwa, kusasishwa au kuondolewa. Ukizifuta hutaona tofauti yoyote leo. Utaiona programu itakapotaka kujisasisha, ianze kukuuliza faili ya .msi ambayo huna pa kuitoa.