Nafunga saa 16, mbona LDL haishuki?

Shikamoo daktari. Nina miaka 49, nina duka la nguo hapa Moshi mjini. Tangu mwezi wa tano nakula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku tu. Kilo zimetoka 84 hadi 81. Lakini LDL, ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 3.9, sasa ni 4.1. Hii kufunga inaniharibia damu?

Marahaba mama. Hapana. Chukua karatasi zako mbili za maabara uziweke pamoja, maana jibu liko humo.

Ya kwanza inasema kolesteroli yote 6.2, HDL, ile kolesteroli nzuri, 1.2, trigliseridi 2.4. Ya pili inasema 6.1, 1.2 na 1.8. Trigliseridi zimeshuka vizuri, na ndiyo mafuta yanayowahi kushuka mtu akipungua uzito na kupunguza wanga na sukari. Sasa LDL. Maabara nyingi hazipimi LDL yenyewe, zinaikokotoa kwa hesabu hii:

```
LDL = kolesteroli yote - HDL - (trigliseridi / 2.2)
```

Mara ya kwanza ilikuwa 6.2 toa 1.2 toa 1.1, ikabaki 3.9. Mara ya pili ni 6.1 toa 1.2 toa 0.8, ikabaki 4.1. Umeona kilichotokea? Trigliseridi zimepungua, kwa hiyo kinachotolewa mwishoni kimekuwa kidogo, na LDL ikaonekana imepanda. Chukua kolesteroli yote utoe HDL peke yake: ilikuwa 5.0, sasa ni 4.9. Hujaharibikiwa. Ila hujapona pia, na hapo ndipo penye kazi. Isitoshe, LDL ya mtu huyohuyo hupanda na kushuka kidogo kati ya kipimo na kipimo hata kama hajabadilisha chochote, kwa hiyo tofauti ya 0.2 mimi siikimbilii.

Jambo lingine dogo. Umesema ulikula saa mbili usiku ukatolewa damu saa tano asubuhi. Hizo ni saa 15. Kwa kipimo cha mafuta, saa 9 hadi 12 zinatosha, na ukifunga kupita hapo trigliseridi zinaweza kusoma tofauti. Ukirudi kupima, nenda saa mbili asubuhi, mara zote kwa mtindo uleule.

Sasa kufunga kuna faida gani kuliko kupunguza chakula tu? Mdogo wangu yuko Arusha, yeye hafungi, amepunguza sahani, na kilo zimemtoka sawa na zangu.

Mdogo wako amefanya kilekile ulichofanya wewe, kwa mlango mwingine. Watu wengi wakibana muda wa kula uwe wa saa 8 tu kwa siku, hujikuta wamepunguza kama kalori 300 hadi 500 kwa siku bila kuhesabu. Wewe umeacha chai ya maziwa yenye sukari na chapati za asubuhi. Yeye akipunguza vijiko viwili vikubwa vya mafuta kwenye sahani yake (kila kimoja ni kama kalori 120) na kuacha soda moja, tayari ni zaidi ya 350.

Swali gumu ni hili: kalori zikiwa sawa, saa zenyewe zina kazi ya ziada kwenye damu? Wachina wa Guangzhou walilijaribu kwa watu 139 wenye unene, matokeo yakatoka mwaka 2022. Wote walipunguziwa chakula kwa kiwango kimoja, wanaume kalori 1,500 hadi 1,800, wanawake 1,200 hadi 1,500. Nusu waliruhusiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Baada ya mwaka, waliobanwa muda walipungua kilo 8.0, wengine 6.3, na kitakwimu tofauti hiyo ingeweza kuwa bahati tu. Kolesteroli na trigliseridi nazo zilibadilika karibu sawa kwa makundi yote mawili.

Chicago walijaribu mfungo mkali zaidi, wa siku moja kula kidogo sana (robo ya mahitaji) na siku ya pili kula robo zaidi ya mahitaji. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Uzito ulipungua karibu sawa na wa waliopunguza chakula kila siku, asilimia 6.0 kwa 5.3. Lakini mwisho wa mwaka LDL ya waliofunga ilikuwa juu kuliko ya wenzao kwa 11.5 mg/dL, ambayo kwa karatasi zetu ni kama 0.3 mmol/L. Sitaki uogope kwa hilo, ni utafiti mmoja wa watu 100. Tena waliofunga ndio waliokimbia zaidi: asilimia 38 hawakumaliza, dhidi ya 29 upande wa pili. Kwangu mimi hiyo namba ya waliokimbia ina uzito kuliko ya LDL, kwa sababu mpango usioufuata haushushi kitu.

Basi LDL nitaishushaje?

Kwa kuangalia kilichomo kwenye sufuria kati ya saa sita na saa mbili usiku. Uzito ukipungua, trigliseridi hufuata. LDL hufuata kwa mbali tu. Inayoisukuma zaidi ni aina ya mafuta. Uliniambia machalari unayapika kwa mafuta ya kupimiwa dukani. Mengi ya hayo ni ya mawese, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayopandisha LDL. Kwenye alizeti ni kama asilimia 11. Asubuhi za baridi za Julai huku kwetu utayatambua: ya mawese hushikana mazito kwenye chupa. Alizeti ya kukamuliwa mashineni inaweza kuwa na ukungu kidogo chini, lakini haishikani hivyo.

Kwa hiyo badili mafuta, na kiasi kipungue pia, maana kalori ni zilezile. Nyama ya mafuta na mbavu za Jumamosi ziwe mara chache, maharage yaongezeke. Mbege haigusi sana LDL, lakini pombe hupandisha trigliseridi, usije ukapoteza ulichopata. Saa zako 16 endelea nazo kama hazikusumbui. Zikikusumbua, fuata njia ya mdogo wako, damu haitajua tofauti.

Pima tena baada ya miezi mitatu. Ikibaki juu, tutazungumza dawa kama atovastatini, kwa kuangalia pia presha, sukari na historia ya moyo katika familia. Dawa hizo hushusha LDL kwa theluthi hadi nusu, kiwango ambacho hakuna ratiba ya kula inayokifikia. Na mtu akikutwa na LDL ya 4.9 au zaidi asingoje mfungo wowote, achunguzwe tezi ya shingo na kama ni ya kurithi.

Mume wangu ana sukari, anameza glibenklamidi. Naye afunge?

Asianze kabla hajaonana na anayempa dawa. Glibenklamidi huendelea kushusha sukari hata kama hajala, na akiimeza asubuhi kisha akasubiri hadi saa sita anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Anayechoma insulini ni hivyohivyo. Kwake kupunguza sahani ni salama zaidi, na hata hapo dozi huenda ikahitaji kupunguzwa.