Nitroimidazoli: dawa ya amiba na giardia, na sababu ya kuiweka pombe kando

Ukifika duka la dawa ukasema tumbo linasokota na unaharisha, mara nyingi utapewa flajili. Jina la dawa yenyewe ni metronidazoli. Pamoja na tinidazoli na seknidazoli, ni ya ukoo mmoja uitwao nitroimidazoli. Dawa hizi huingia ndani ya vijiumbe vinavyoishi pasipo oksijeni, hugeuka sumu humohumo na kuharibu vinasaba vyao. Ndiyo maana huua amiba na giardia. Shigela, bakteria ambaye pia huleta kuhara damu, hazimwezi.

Kwa hiyo kwanza ujue unatibu nini. Amiba hushambulia utumbo mpana: unakwenda chooni mara kwa mara, kinatoka kidogo chenye damu na kamasi. Giardia hukaa utumbo mwembamba: choo laini cha mafuta chenye harufu kali, tumbo kujaa gesi, na damu haipo.

Chukua mwanamume mzima anayeharisha damu. Choo chake kimepimwa kikiwa bado kibichi, na darubini imeonyesha amiba waliomeza chembe nyekundu za damu. Hilo ndilo jibu la kuaminika, maana mayai peke yake huweza kuwa ya amiba mwingine asiyedhuru. Daktari anamwandikia tinidazoli gramu 2 kwa siku, siku 3. Kama ingekuwa giardia, gramu 2 mara moja tu kwa kawaida zingetosha. Metronidazoli nayo ingefaa, ila humezwa mara tatu kwa siku kwa siku kadhaa, na wengi huiacha nusu njiani mara tumbo linapotulia.

Kwa amiba, kazi haijaisha hapo. Nitroimidazoli huua amiba walioingia kwenye ukuta wa utumbo, lakini mayai yaliyo ndani ya utumbo mara nyingi hubaki. Hivyo anafuatishia diloksanidi miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku 10. Hatua hii husahaulika sana, na ugonjwa hurudi.

Sasa pombe. Ukichanganya, uso unaweza kuwaka joto na kuwa mwekundu, moyo ukaenda mbio, kichwa kikauma, ukatapika. Si kila mtu hupatwa, na baadhi ya majaribio hayakuona mgongano huo, lakini maelekezo ya dawa bado yanakataza, nami nakubaliana nayo: mgonjwa aliyekwisha poteza maji kwa kuhara hana nafasi ya kutapika. Bia, mbege na mnazi ni hesabu moja, na dawa ya kikohozi yenye alkoholi pia imo.

Katazo haliishii kwenye kidonge cha mwisho. Kwa metronidazoli subiri angalau saa 48, kwa tinidazoli saa 72. Mgonjwa wetu akimeza dozi ya mwisho Jumatano saa mbili usiku, harusi ya Jumamosi mchana ataisherehekea kwa soda.