Jina la chapa ya mavazi: lipekue na ulisajili kabla ya kuagiza lebo

Mbunifu wa mavazi anaweza kuwa na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, leseni ya halmashauri na namba ya mlipakodi, na bado jina lililoshonwa kwenye kola za nguo zake likawa halina ulinzi. Cheti kile kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina fulani. Haki ya kumzuia mwingine asiuze nguo zenye jina hilo hutokana na usajili wa alama ya biashara, ambao Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Ofisi ni ileile, lakini rejista ni tofauti. Asiyesajili alama hawezi kufungua shauri la kuingiliwa haki ya alama. Hubakiwa na njia ya kuithibitishia mahakama kwamba wateja tayari wanaitambua bidhaa yake kwa jina hilo na kwamba wanadanganywa. Chapa iliyoingia sokoni mwezi uliopita itatoa wapi ushahidi huo?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mshonaji wa Mwanza anataka kuanzisha chapa ya magauni na fulana aiite "Zuhura Mavazi". Neno "Mavazi" halimsaidii, kwa sababu linataja bidhaa yenyewe na kila muuza nguo ana haki ya kulitumia. Ndiyo maana "Pamba Safi" kwa fulana za pamba litapata shida mbele ya Msajili, ilhali "Embe" kwa fulana hizohizo linaweza kupita, kwani embe halielezi chochote kuhusu nguo. Kwa hiyo kinachopekuliwa hapa ni "Zuhura".

Kosa kubwa la upekuzi ni kuandika jina kama lilivyo, kuona halipo, kisha kushangilia. Msajili hupima pia namna jina linavyosikika na linavyoonekana, na katika Kiswahili hilo lina uzito wake: kuna wanaobadilishana r na l, wengine dh na z, na irabu humezwa kirahisi. Mshonaji wetu atafute pia Zuhra, Zuhula, Zura na Suhura. Aanze na rejista ya BRELA, kisha hifadhidata ya bure ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani iitwayo Global Brand Database, na amalizie kwenye Instagramu na madukani, maana kuna wanaotumia jina muda mrefu bila kulisajili na wanaweza kuleta pingamizi.

Tuseme amekuta "Zuhra" ya manukato na "Suhura" ya viatu. Alama zote hupangwa katika madaraja 45 ya kimataifa. Manukato yako daraja la 3, kwa hiyo si lazima yamzuie, isipokuwa kama ni chapa yenye umaarufu mkubwa. Viatu ndivyo tatizo, kwa kuwa vipo daraja la 25 pamoja na nguo na kofia, na mteja anaweza kudhani vimetoka kwa mtu mmoja. Kuongeza neno "Mwanza" mwishoni hakutamwokoa, kwani sikio bado linabaki na Zuhura. Hapa ningemshauri aende kwenye jina lake la pili. Kwa kuwa lebo hazijachapwa, hasara yake ni ndogo.

Jina likishapita, maombi huwasilishwa kwa mtandao kupitia mfumo wa usajili wa BRELA, yakitaja daraja na orodha ya bidhaa. Mikoba ya ngozi ni daraja la 18 na vitambaa vya jora ni la 24, na kila daraja huombewa na kulipiwa peke yake. Mwenye fedha kidogo aanze na la 25, na aombe neno lenyewe kwanza kabla ya mchoro, maana mchoro hubadilika kila fasheni inapogeuka.

Maombi yakikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na wenye pingamizi wana siku 60. Wasipojitokeza, alama husajiliwa kwa miaka 7 ikihesabiwa tangu siku ya kuwasilisha maombi, kisha huhuishwa kila miaka 10. Tarehe hiyo ya kuwasilisha ndiyo sababu ya kuomba kabla ya kutangaza picha za nguo mtandaoni: mtu akiliona jina na kuliombea kabla yako, wewe ndiye utakayekuwa na kazi ya kuleta pingamizi.

Usajili wa Bara haufiki Zanzibar, ambako maombi hupelekwa BPRA, wala Kenya, ambako hupelekwa KIPI. Anayetarajia kuuza Nairobi anaweza kutumia Mkataba wa Paris wa kimataifa unaolinda alama za biashara: akiomba huko ndani ya miezi 6 tangu alipoomba Bara kwa mara ya kwanza, anaweza kudai tarehe yake ya Bara ihesabiwe Kenya pia.