Anwani ya swali: namba inapoanza upya au kuruka kwenye picha ya jaribio

Jioni moja binti wa darasa la sita ninayemfundisha tuisheni alinitumia picha ya jaribio la Sayansi, na chini yake ujumbe mfupi: "Mwalimu, iv ni D?" Niliipanua picha, nikaitafuta (iv), nikaiona juu kabisa: gesi ambayo mimea huitumia kutengeneza chakula. Jibu ni kabonidayoksaidi, nayo ilikuwa herufi B. Nikamjibu bila kuchelewa: "Hapana, ni B." Naye akafuta jibu lake lililokuwa sahihi, akaandika lililokosewa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliipata namba aliyoitaja lakini sikulipata swali alilokuwa analiulizia.

Kitu nilichokikosa pale mimi hukiita anwani ya swali. Ni maelezo yanayotosha kumfikisha mtu kwenye swali moja tu katika karatasi nzima, asiweze kutua kwenye jingine. Namba peke yake hutosha pale tu kila namba inapotokea mara moja na hakuna iliyorukwa. Ikianza upya au ikiruka, namba inakuwa kama jina la mtaa bila namba ya nyumba.

Karatasi yenyewe ilikuwa hivi. Swali la 1 lilikuwa la kuchagua jibu sahihi, lenye vipengele (i) hadi (v), kila kimoja na herufi A hadi D. Swali la 2 lilikuwa la kuoanisha, na vipengele vyake vikaanza tena na (i). Mpangilio huu si kosa. Mitihani ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani la Tanzania imeuzoesha katika masomo mengi: swali la 1 la kuchagua lina vipengele (i) hadi (x), kisha swali la 2 la kuoanisha linaanza upya na (i). Walimu wa madarasa ya chini huuiga. Kwa hiyo ukurasa mmoja ukawa na (iii) mbili, na mtu akisema "iii" tu hajasema lolote.

Katika kuoanisha, Orodha A ilikuwa na kazi za viungo: (i) husukuma damu kwenda mwilini kote, (ii) huchuja uchafu katika damu na kutengeneza mkojo, (iii) huingiza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, (v) hutengeneza nyongo, (vi) hutoa jasho. Orodha B ilikuwa: A Figo, B Moyo, C Mapafu, D Ini, E Utumbo, F Ngozi. Angalia vizuri: hakuna (iv). Mwalimu aliyeandaa labda alifuta kipengele kimoja na namba akawa ameziandika kwa mkono, zikabaki vilevile.

Binti aliona kipengele cha nne kutoka juu, akakiita iv kichwani mwake. Alikuwa anauliza kuhusu nyongo, na D, yaani ini, ilikuwa sahihi kabisa. Mimi nikamjibu kuhusu mimea. Alipopokea "B" yangu akaiweka moyo kwenye nyongo, kisha akaona moyo tayari ameutumia kwenye (i), akabadilisha na jibu lile pia. Neno langu moja likaharibu majibu mawili.

Kilichoficha mkanganyiko huu ni kwamba muda mfupi kabla alikuwa ameniuliza, "iii ni C?" nami nikasema ndiyo. Katika swali la 1, (iii) iliuliza sehemu ya mmea inayofyonza maji na madini ardhini, na C ilikuwa mzizi. Katika swali la 2, (iii) ilikuwa mapafu, nayo pia C. Tulikubaliana kila mmoja akiwa kwenye swali lake, na hakuna aliyeshtuka. Herufi tupu haikatai swali lolote. Herufi za kuchagua zikiwa chache hivi, majibu ya maswali mawili tofauti kufanana herufi ni jambo la kawaida sana.

Ndiyo maana sasa siandiki tena herufi bila neno lake. Nikiandika "D, ini", aliye kwenye swali la gesi ya mimea atashangaa papo hapo, kwa sababu ini haliko hapo. Neno linajilinda lenyewe. Upande wa swali nako namba inahitaji vitu viwili vya kuisindikiza: sehemu au swali kuu iliyomo, na maneno mawili matatu ya swali lenyewe. "Swali la 2, iliyoandikwa (v), hutengeneza nyongo: D, ini." Hiyo ndiyo anwani kamili, na huchukua sekunde chache kuandika.

Nimesema "iliyoandikwa (v)" kwa makusudi. Mbele ya namba iliyoruka mtu huvutwa kurekebisha, aite ya nne (iv) kwa sababu ndivyo ilivyopaswa kuwa. Usirekebishe. Mwalimu atakayesahihisha anashika karatasi ileile yenye kasoro, na mwongozo wake wa majibu una uwezekano mkubwa wa kufuata namba zilizochapwa. Ukiona ni lazima kutaja mpangilio, ongeza juu ya namba, usiuweke badala yake: "iliyoandikwa (v), ya nne kutoka juu."

Angalia pia jinsi herufi A ilivyofanya kazi nyingi kwenye ukurasa ule: kulikuwa na Orodha A, na A ya chaguo la jibu. Karatasi nyingine zina Sehemu A juu ya hayo yote. Mtu akikuandikia "A3" huwezi kujua kama ni Sehemu A namba 3 au kipengele cha tatu cha Orodha A. Andika neno zima, Sehemu au Orodha.

Kabla ya kujibu chochote kutoka kwenye picha, pitisha kidole kwenye namba zote kwa sauti, bila kusoma maswali. Kisha linganisha namba ya mwisho ya kila sehemu na idadi ya vipengele ulivyohesabu. Kwenye kuoanisha kwetu namba ya mwisho ilikuwa (vi) na vipengele vilikuwa vitano. Tofauti ya moja inasema kuna namba moja imerukwa. Lakini usitegemee hesabu hiyo peke yake, kwa sababu karatasi yenye 1, 2, 3, 3, 5 ina maswali matano na inaishia na 5, huku 3 zikiwa mbili na 4 haipo. Makosa mawili yamefutana. Kidole na sauti ndivyo vitakavyoyakamata.

Ukishaona pengo, ujue kwanza kama ni namba iliyoruka au ni swali ambalo halikuingia kwenye picha, kwa kuwa hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Namba ikiruka katikati ya ukurasa, nafasi kati ya mistari ikiwa sawa na swali la juu likiwa na machaguo yake yote, basi ni kosa la uandishi. Namba ikiruka kwenye ukingo wa picha, au mwisho wa picha moja na mwanzo wa nyingine, shuku kwamba kuna kilichokatwa. Swali la mwisho lenye A, B na C bila D, wakati mengine yote yana D, ni dalili nzuri. Alama nazo husaidia: kichwa cha sehemu kikisema alama 6, kila kipengele alama 1, na wewe unaona vipengele vitano, bado kimoja hujakiona, au mwalimu amesahau kubadilisha alama alipofuta swali. Hapo omba picha nyingine.

Kuna picha moja huwababaisha wengi, ya karatasi kubwa ya A3 iliyokunjwa katikati ikawa kijitabu cha kurasa nne. Ukiikunjua na kuipiga picha upande wa nje, ukurasa wa 4 unakaa kushoto na wa 1 kulia. Msomaji anaanza kushoto na kukuta maswali ya 16 hadi 20, kisha kulia anakutana na 1. Hapa namba hazina kosa lolote, ni kurasa tu zimekaa hivyo. Tafuta namba ya ukurasa chini, au tazama upande wenye jina la shule na maelekezo: huo ndio wa kwanza.

Namba nyingine huanza upya kwa sababu ya kompyuta. Mwalimu akiandika kwa Word na kuingiza mchoro au machaguo katikati ya orodha, programu inaweza kudhani orodha mpya imeanza na kurudi 1. Anayeandaa karatasi akibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya namba hiyo na kuchagua Continue Numbering, namba inaendelea. Aliyepokea picha hana la kurekebisha, anaweza tu kutambua: sehemu haijabadilika, hakuna kichwa kipya wala maelekezo mapya, lakini namba imerudi 1 mara tu baada ya mchoro. Maswali hayo yaite "1 ya pili, baada ya mchoro wa ua."

Namba za Kirumi zina tabu yake. Picha iliyobanwa na WhatsApp huunganisha vijiti, (ii) ikafanana na (iii), na (iv) ikasomeka (vi). Hapo usikisie. Mwombe mtu atume picha kama dokumenti, au akuandikie maneno ya mwanzo ya swali.

Jinsi ya kuuliza nayo ina uzito. Ukimuuliza mtoto "Una uhakika ni iv?" atasema ndiyo, kwa sababu kweli ana uhakika na iv yake ya kichwani. Nilipokuja kugundua siku ile, nilimuuliza, "Mwanangu, unayouliza ni ile ya gesi ya mimea au ile ya nyongo?" Akajibu mara moja, "Ya nyongo, mwalimu." Swali lenye machaguo mawili ya maneno, bila namba ndani yake, lilimaliza jambo kwa ujumbe mmoja.

Tukarudisha D kwenye iliyoandikwa (v) na B kwenye (i), na F, ngozi, ikaenda (vi). Kwenye karatasi yake ya majibu kulikuwa na mstari wa (iv) uliochorwa tayari. Nikamwambia aweke kistari hapo na asisogeze jibu lolote kulijaza, kisha asubuhi amwoneshe mwalimu wake wa darasa pengo lile ili aamue alama ya kipengele hicho inahesabiwaje.